Pengo la 31 ambalo halikuwepo: kusoma gesi za damu ukiwa Arusha

*Shikamoo daktari. Niko mafunzo kwa vitendo Arusha. Jana usiku tulipokea kijana wa miaka 24, miguu imelegea siku ya nne sasa, anahema harakaharaka na juujuu. Kabla ya kumpa oksijeni, gesi za damu zilitoka pH 7.27, pCO2 58, pO2 46, HCO3 26. Nikapiga hesabu ya pengo la A-a, yaani tofauti ya oksijeni ya kwenye vifuko vya hewa na ya kwenye damu ya ateri, nikapata 31, nikaandika kushindwa kupumua kwa aina ya pili juu ya aina ya kwanza, nikahisi nimonia au bonge la damu kwenye pafu. Picha ya kifua ni safi. Sasa yuko kwenye oksijeni lita 4 na oksimita inasoma 96. Mkubwa wangu wa zamu kasema hesabu yangu ina kosa, ila hakuniambia wapi. Nimekosea wapi, na aina hizi mbili nizitenganishe vipi?*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya hesabu, nenda kwa mgonjwa. Mwambie avute pumzi moja kubwa, kisha ahesabu kwa sauti ya kawaida bila kuvuta nyingine: moja, mbili, tatu. Halafu mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Kama pumzi inamwishia kwenye saba au nane, au kichwa hakinyanyuki, wapigie simu watu wa chumba cha wagonjwa mahututi sasa hivi, ndipo urudi usome yaliyobaki. Hiyo 96 ya oksimita isikupe usingizi. Nitakuonyesha baadaye jinsi inavyoweza kukaa palepale huku kijana anakwisha.

Sasa kosa lako. Ni namba moja tu, nayo ni 760. Umeitoa kitabuni, na kitabu kiliandikwa na mtu aliyekaa usawa wa bahari. Kanuni yenyewe ni hii:

```
PAO2 = FiO2 x (Baro - 47) - PaCO2 / 0.8
A-a  = PAO2 - PaO2
```

PAO2 ni oksijeni ya kwenye vifuko vya hewa, PaO2 na PaCO2 ni zile pO2 na pCO2 za karatasi yako, na FiO2 ni sehemu ya oksijeni kwenye hewa anayovuta, 0.21 kama hajawekewa oksijeni. Baro ni kanieneo ya hewa ya mahali mgonjwa alipo. Hiyo 47 ni nafasi inayochukuliwa na mvuke wa maji, kwa sababu hewa ikishapita puani na kooni imelowa na kupata joto la mwili kabla haijafika kwenye vifuko vya hewa. Namba ya 0.8 ni uwiano wa kabonidayoksaidi inayotoka mwilini kwa oksijeni inayotumika. Namba zangu zote hapa ni milimita za zebaki, mmHg. Mashine yenu ikitoa kPa, zidisha kwa 7.5.

Ukiweka 760, unapata 0.21 mara 713, yaani 150. Ukigawanya 58 kwa 0.8 unapata 72.5. Toa, vifuko vya hewa vinabaki na oksijeni ya 77 hivi. Damu ina 46. Ndiyo hiyo 31 yako, na ningekuwa Dar es Salaam na mimi ningeanza kutafuta ugonjwa ndani ya mapafu.

Lakini Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa pale ni karibu 645. Rudia hesabu: 645 toa 47 ni 598. Mara 0.21 ni 125.6. Toa 72.5, unabaki na 53. Toa 46 ya kwenye damu. Pengo ni 7.

Kwa umri wake, pengo linaloruhusiwa unalipata kwa kugawanya miaka kwa 4 na kujumlisha 4, kwa hiyo kwake ni 10. Saba iko ndani. Maana yake oksijeni iliyofika kwenye vifuko imevuka kuingia kwenye damu vizuri kabisa. Nyama ya mapafu haina kosa. Shida ni kwamba hewa haingii wala haitoki ya kutosha, kabonidayoksaidi imejaa kwenye vifuko, na kwa kujaa kwake imeibana oksijeni. Upungufu wote wa oksijeni wa kijana huyu unaelezwa na ile 58. Hakuna kilichobaki cha kuelezwa na nimonia.

Hii ndiyo aina ya pili tupu: pampu imechoka, mapafu mazima. Miguu iliyolegea siku nne, pumzi za juujuu, picha safi, pengo la kawaida. Mimi ningeuliza kama aliharisha au kuumwa mafua wiki moja au mbili kabla, ningepima reflekisi za magoti, na kama hazipo ningemchukulia kuwa ana ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré mpaka ithibitishwe vinginevyo. Misuli ya kupumua inalegea kama ile ya miguu, ila haionekani kwa macho. Ukimwandikia seftriaksoni na kusubiri nimonia ipone, utakuwa unamtibu kwa dawa nzuri ya ugonjwa ambao hana, na wakati unakwenda.

Baro utaipata wapi? Mashine nyingi za gesi za damu zina kipimo cha kanieneo ndani yake, na karatasi inayotoka ina mstari umeandikwa Baro au pAtm. Utafute. Utaona 640 na kitu, siku nyingine 650. Hiyo ndiyo ya kutumia. Kuna mtego hapa, na nimewaona watu wazuri wakinasa: wanafungua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, wanaona 1015 hPa, wanaibadilisha kuwa mmHg, wanarudi palepale kwenye 760. Namba ya utabiri wa hali ya hewa imeshasahihishwa ionekane kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili vipimo vya miji tofauti viweze kulinganishwa. Pafu halijui usahihisho huo. Linapumua hewa iliyopo. Kwetu Moshi, mita 800 na kitu juu ya bahari, mashine huonyesha karibu 690. Mgonjwa akitoka kwetu kuja kwenu kwa gari la wagonjwa, namba za oksijeni zake zinashuka bila ugonjwa kuongezeka.

Sasa kuzitenganisha. Vitabu vinasema aina ya kwanza ni pO2 chini ya 60 huku pCO2 ikiwa ya kawaida au ya chini, na aina ya pili ni pCO2 juu ya 45, vingine vinasema 50. Ni sawa, lakini kwa mtu anayefanya kazi Arusha mistari hiyo miwili haina uzito sawa. Ule wa oksijeni unasogea na mwinuko. Piga hesabu ya mtu mzima mwenye afya Arusha: 125.6 toa 38 kwa 0.8, unapata 78 kwenye vifuko, toa pengo lake dogo, damu inakuwa na 68 mpaka 75. Mzee wa miaka 75 ambaye hana ugonjwa wowote wa kifua anaweza kukaribia 60 akiwa amekaa barazani kwake. Karatasi ya mashine itamwekea alama ya hatari kwa sababu viwango vilivyochapishwa pembeni ni vya kiwandani, vya usawa wa bahari. Ule wa kabonidayoksaidi hausogei hivyo. Mwinuko haupandishi pCO2. Sanasana unaishusha kidogo, kwa kuwa anayeishi juu huhema zaidi ya wa pwani. Kwa hiyo pO2 ya 62 kwenu inaniacha nijiulize, lakini pCO2 ya 50 hainiachii nafasi ya kujiuliza. Ndiyo maana ninaanza kusoma na pH, naenda pCO2, na oksijeni naisoma mwisho.

Kwa nini aina ya kwanza haina kabonidayoksaidi nyingi, wakati sehemu kubwa ya pafu imeziba? Swali hili wanafunzi huliruka, na jibu lake ndilo linalofanya mengine yote yakae kichwani. Chukua nimonia iliyojaza nusu ya pafu. Damu inayopita kwenye nusu mbovu inatoka bila oksijeni na ikiwa bado na kabonidayoksaidi yake. Mgonjwa anahema kwa nguvu, na nusu nzima inapata hewa mara mbili. Kabonidayoksaidi inakubali biashara hiyo: ukihema zaidi, nusu nzima inaitoa zaidi, na inafidia ile iliyobaki upande mbovu. Oksijeni haikubali. Himoglobini ni kama kreti ya soda yenye nafasi 24. Kreti zinazopita upande mzima zinajaa 24 na basi. Ukimwaga chupa elfu moja pale, nafasi ya 25 haipo. Zikikutana na kreti zilizopita upande mbovu zikiwa nusu tupu, wastani unakuwa mdogo, na hakuna kuhema kutakakoupandisha. Kwa hiyo oksijeni inashuka, kabonidayoksaidi inabaki sawa au inashuka, na pengo linapanuka.

Mfano wa kwetu Moshi. Mwanamume wa miaka 52, homa, kikohozi cha makohozi ya kutu, anahema mara 34 kwa dakika. Bila oksijeni: pH 7.49, pCO2 30, pO2 52, HCO3 22. Vifuko vyake: 690 toa 47, mara 0.21, ni 135. Toa 30 kwa 0.8, yaani 37.5, unabaki na 97 na nusu. Pengo ni 45, na kwa umri wake linaloruhusiwa ni 17. Aina ya kwanza, haina ubishi. Pampu inafanya kazi kupita kiasi, pafu ndilo lililoziba. Huyu oksijeni ni tiba kweli, pamoja na dawa ya nimonia.

Lakini mtazame saa nne baadaye. Bado anahema mara 34, na gesi za pili, akiwa kwenye oksijeni, zinatoka pH 7.38, pCO2 40, HCO3 23. Karatasi haina alama hata moja ya hatari upande huo. Nesi anaifurahia, na ni haki yake, maana namba zote ni za kawaida. Mimi ninaogopa. Mtu anayehema mara 34 kwa dakika anapaswa kuwa na pCO2 ya 30 au chini. Akiwa na 40, pumzi zake zimekuwa fupi, hazifiki kwenye vifuko, zinaishia kwenye mabomba. Amechoka. Yuko njiani kutoka aina ya kwanza kwenda aina ya pili, na 40 ni kituo alichopita tu, hakai hapo. Mwenye pumu naye hufanya hivyohivyo, tena kwa kasi zaidi. Kwa hiyo usiisome pCO2 peke yake. Isome pamoja na idadi ya pumzi uliyohesabu wewe mwenyewe kwa dakika nzima, siyo ile 20 inayoandikwa kwenye kila chati ya wodi.

Sasa turudi kwenye 96 ya kijana wako. Kwa lita 4 za kanula ya pua tunakadiria anavuta oksijeni ya 0.36, ni makadirio tu. Tuseme usiku wa manane pCO2 yake imepanda kutoka 58 mpaka 80. Vifuko: 0.36 mara 598 ni 215. Toa 80 kwa 0.8, yaani 100. Unabaki na 115. Hata kama makohozi yameanza kukaa na pengo limefika 25, damu ina 90, na oksimita inasoma 94 hivi, karibu sawa na ilivyosoma jioni. pH wakati huo imeshuka karibu 7.17. Mgonjwa anasinzia, na ndugu aliyekaa kitandani anakuambia afadhali leo amepata usingizi. Oksimita haipimi kabonidayoksaidi, na kwa mgonjwa wa pampu, oksijeni ya ziada inaizuia hata kile kidogo ilichokuwa inakuonyesha. Bila oksijeni, kila kabonidayoksaidi ilipopanda, oksimita ingeshuka na kupiga kelele. Sisemi umnyime oksijeni, usije ukanielewa vibaya. Alikuwa na 46, alihitaji. Ninasema kwamba tangu ulipomwekea, oksimita imeacha kuwa mlinzi wake, na lazima umwekee mlinzi mwingine: gesi zinazorudiwa, kuhesabu kwa pumzi moja, na macho yako.

Na mara oksijeni ikishawekwa, usitumie tena pengo la A-a kumtafutia ugonjwa. Pengo linapanuka lenyewe kadiri oksijeni unayotoa inavyoongezeka, hata kwa mtu mwenye afya, na FiO2 ya kanula huijui kwa hakika. Ulifanya jambo jema sana kuchoma kabla ya oksijeni. Hiyo ndiyo sampuli iliyonipa nafasi ya kukujibu. Ila isiwe sheria ya kumwacha mgonjwa abadilike rangi huku unatafuta mshipa.

Mgonjwa ambaye utamkuta mara nyingi zaidi ya kijana huyu ni mama wa miaka sitini na kitu kutoka vijijini, ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja lakini amepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu akiwa binti. Analetwa na kikohozi kilichozidi. Gesi zake: pH 7.35, pCO2 62, HCO3 33. Mlinganishe na kijana. pCO2 ya mama iko juu zaidi, lakini pH yake iko karibu na kawaida. Tofauti iko kwenye HCO3, yaani bikaboneti. Kabonidayoksaidi ikipanda ghafla, bikaboneti hupanda kwa 1 tu kwa kila 10 zilizozidi 40. Ikipanda polepole, figo zikapata siku kadhaa za kufanya kazi, hupanda kwa 4 hivi kwa kila 10. Kijana amezidi kwa 18, bikaboneti imetoka 24 ikafika 26: ni jambo la saa chache. Mama amezidi kwa 22, bikaboneti imepanda kwa 9: ameishi na 62 hiyo kwa muda mrefu, pengine aliingia nayo hospitali akitembea. Wote ni aina ya pili, lakini wa kwanza anahitaji mashine ya kupumulia, wa pili anahitaji nebulaiza, steroidi, na oksijeni kwa kipimo.

Kipimo hicho nilikijua kwa njia chungu. Nikiwa kijana kama wewe, katika hospitali nisiyoitaja, nilimpokea mzee wa namna hii akiwa na oksimita ya 80. Nikamwekea barakoa yenye mfuko, lita 10. Ikapanda mpaka 99, nikafurahi, nikaenda kwa wagonjwa wengine. Alfajiri alikuwa haamki. Hatukuwa na mashine ya gesi, lakini mikono yake ilikuwa ya moto, mapigo yanadunda kwa nguvu, na ukimwamsha na kumwambia anyooshe mikono ilipiga kama mbawa za ndege. Hizo zote ni dalili za kabonidayoksaidi, na unaweza kuzitafuta bila senti tano. Kwa wagonjwa wa namna hii lengo ni oksimita ya 88 mpaka 92, siyo zaidi, na lengo hilo ni lilelile Arusha na pwani, kwa kuwa ni la oksijeni iliyo ndani ya damu tayari. Oksijeni nyingi inafungua mishipa ya damu kwenye sehemu za pafu zisizopata hewa, damu inakwenda kupita bure huko, na himoglobini iliyojaa oksijeni inaiachia kabonidayoksaidi iliyokuwa imeibeba. Barakoa zile za lita 10 haziokoi mtu wa namna hii. Anza na lita 1 au 2, kaa naye dakika chache, sogeza.

Bado sijakuuliza jambo moja ambalo pengine mkubwa wako wa zamu angeliuliza: una hakika ulichoma ateri? Damu ya vena ina pO2 ya 35 mpaka 45 na pCO2 inayozidi ya ateri kwa 5 hivi, kwa hiyo ukikosea mshipa, mtu mwenye afya anakuja na karatasi inayofanana na aina ya pili. Rangi haikusaidii kwa mgonjwa aliyekosa oksijeni, maana hata ya ateri ni nyeusi. Kinachosaidia ni oksimita ya dakika ileile uliyochoma. Kwa pO2 ya 46 na pH ya 7.27, himoglobini inapaswa kuwa imejaa kwa asilimia 75 hivi. Kama oksimita kidoleni ilisoma sabini na kitu, ulikuwa kwenye ateri na hesabu yetu imesimama. Kama ilisoma 93, ulikuwa kwenye vena, na inabidi kuchoma upya kabla ya kumpeleka mtu popote. Siku nyingine andika namba hiyo kwenye karatasi ya maombi, pembeni ya FiO2. Na kiputo cha hewa ndani ya sindano kitoe papo hapo, kabla hujafunga kifuniko. Hewa ya chumba Arusha ina oksijeni ya 135 na kabonidayoksaidi karibu sifuri, kwa hiyo kiputo kinaweza kuichukua karatasi ya mgonjwa mahututi na kuifanya ionekane nzuri, hasa sindano ikitikiswa njiani kwenda maabara.

Kuhusu kijana, kama hesabu imesimama, usisubiri gesi nyingine ili uamue. Kwa ugonjwa wa kulegeza misuli, kabonidayoksaidi hupanda mwishoni, pumzi zikiwa zimekwisha. Kama mna spairomita, kiasi anachoweza kutoa kwa pumzi moja kikiwa chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya mwili, yaani lita 1.2 kwa mtu wa kilo 60, anahitaji kuwekwa chini ya uangalizi wa mahututi hata kama gesi zake ni nzuri. Huyu wako za kwake zimeshaharibika. Anahitaji mtu wa ganzi kitandani kwake, na mwambie mtu huyo mapema kwamba misuli imelegea kwa ugonjwa wa neva, ili asitumie dawa ya kulegeza misuli iitwayo saksamethoniamu wakati wa kuweka bomba. Inaweza kupandisha potasiamu na kusimamisha moyo.

Kuhusu kuhesabu kwa pumzi moja, ukisoma kwamba mtu akishindwa kufika 20 ana shida, kumbuka walihesabu kwa lugha yenye namba fupi. Kwetu kuanzia kumi na moja mpaka kumi na tisa kila namba ni silabi tano, na mtu mwenye afya kabisa anaweza kuishiwa pumzi mapema kuliko kitabu kinavyotaka. Kwa hiyo mimi simlinganishi mgonjwa na kitabu, ninamlinganisha na yeye mwenyewe. Hesabu naye saa mbili usiku, andika namba alipoishia kwenye chati kwa kalamu ya wino. Rudi saa nne, rudi saa sita. Aliyefika kumi na nne jioni akaishia tisa saa sita usiku ameshakuambia pCO2 yake inakwenda wapi.

Niandikie kesho uniambie reflekisi za magoti zilikuwaje, na oksimita ilisoma ngapi ulipochoma.